Hatari asilia, hatari ya udhibiti na hatari ya ugunduzi: kanuni ya ukaguzi ndani ya ghala la mpunga

Anayeanza kusomea ukaguzi wa hesabu hukutana mapema na kanuni fupi ifuatayo, na mara nyingi huikariri kabla hajajua inamtaka afanye nini:

```
AR = IR × CR × DR
```

AR ni hatari ya ukaguzi, IR ni hatari asilia, CR ni hatari ya udhibiti na DR ni hatari ya ugunduzi. Ikisomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kanuni hii inaonekana kusema kwamba kuna hatari tatu zinazofanana, ambazo mkaguzi akizipima na kuzizidisha atapata ya nne. Kazini hakuna anayeitumia hivyo. Hatari ya ukaguzi huamuliwa kwanza, kabla ya kazi kuanza; hatari asilia na hatari ya udhibiti hukutwa kwa mteja, na mkaguzi huzitathmini tu bila uwezo wa kuzibadilisha; kinachobaki kutafutwa ni hatari ya ugunduzi, ambayo ndiyo pekee iliyo mikononi mwa mkaguzi mwenyewe. Kwa hiyo kanuni inayofanya kazi mezani ni hii:

```
DR = AR ÷ (IR × CR)
```

Kadiri hali ya mteja inavyotia shaka zaidi, ndivyo hatari ya ugunduzi inavyopaswa kuwa ndogo, na kuipunguza hatari hiyo maana yake ni kufanya kazi zaidi, au kazi ya aina nyingine. Mengine yote katika mada hii yanategemea kuelewa kinyume hicho.

Hatari ya ukaguzi yenyewe ni uwezekano wa mkaguzi kutoa maoni yasiyostahili, yaani kusema kwamba taarifa za fedha ziko sawa ilhali zina kosa kubwa. Kosa kubwa hapa ni lile linaloweza kubadili uamuzi wa mtu anayezitegemea taarifa hizo, liwe limetokana na uzembe au na udanganyifu. Hatari ya ukaguzi haihusu mkaguzi kushtakiwa wala kupoteza wateja, na haihusu biashara ya mteja kufilisika. Hizo ni hatari za kweli, lakini hazimo katika kanuni hii. Kwa kuwa ukaguzi hutoa uhakika wa kuridhisha na si uhakika kamili, hatari hiyo haifiki sifuri. Katika vitabu vya mafunzo na katika mbinu za kitakwimu hutumika sana asilimia 5, na hiyo ndiyo tutakayoitumia.

Tuchukue mfano mmoja wa kubuni na tukae nao hadi mwisho. Kampuni iliyoko Mbarali, mkoani Mbeya, hununua mpunga kwa wakulima wa bonde la Usangu, huuhifadhi katika maghala yake matatu, huukoboa na kuwauzia mchele wafanyabiashara wa Dar es Salaam. Mwaka wake wa hesabu unaishia tarehe 31 Desemba. Mauzo ya mwaka ni shilingi bilioni 6, na mkaguzi ameamua kwamba kosa lolote la kuanzia shilingi milioni 60 ni kubwa kwa taarifa hizi. Vitabu vinaonyesha kwamba siku ya kufunga mwaka kulikuwa na magunia 10,000 ya mpunga, yaliyogharimu wastani wa shilingi 90,000 kila moja, na hivyo akiba ya mpunga inasomeka shilingi milioni 900. Orodha ya akiba imegawanywa katika mafungu 180, kila fungu likiwa ni manunuzi ya siku moja kutoka eneo moja.

Swali la kwanza ambalo mgeni wa kazi hii huuliza ni kama kampuni hii ina hatari kubwa au ndogo. Swali hilo halijibiki kwa namna linavyoulizwa, kwa sababu hatari hutathminiwa kwa kila dai ambalo menejimenti inalitoa inapoandika namba kwenye taarifa za fedha. Kuandika milioni 900 za mpunga ni kudai mambo kadhaa kwa pamoja: kwamba mpunga huo upo, kwamba ni mali ya kampuni, kwamba umeandikwa wote, na kwamba thamani yake ni hiyo. Inawezekana kabisa dai moja likawa salama na jingine likawa la mashaka makubwa katika namba ileile.

Hatari asilia ni uwezekano wa dai kuwa na kosa kubwa kutokana na asili ya jambo lenyewe, kabla ya kufikiria udhibiti wowote ambao kampuni imeuweka. Ili kuipima, mkaguzi hujifanya kana kwamba kampuni haina kufuli, haina leja wala mtunza ghala, kisha hujiuliza jambo hili linaweza kukosewa kwa urahisi kiasi gani. Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 315, kilichorekebishwa mwaka 2019, kinataja mambo ya kuangalia katika kujibu swali hilo: ugumu wa jambo, kiasi ambacho linategemea maoni ya mtu, mabadiliko, kutokuwa na uhakika, na wepesi wa menejimenti kulipinda kwa upendeleo au kwa ulaghai.

Katika ghala letu mambo hayo yanaonekana kwa macho. Gunia, kwa kuanzia, si kipimo. Mpunga unaponunuliwa kwa lumbesa, gunia hubeba zaidi ya kilo 100, na unapopangwa upya ghalani hugawanywa katika magunia ya kawaida, hivyo idadi ya magunia inaweza kuongezeka bila punje moja kuingia. Mpunga ulioingia ukiwa na unyevu hupungua uzito unapokauka, hivyo uzito nao unaweza kupungua bila mtu kuiba. Panya na wadudu hula kile ambacho leja inaendelea kukihesabu. Bei ya kununulia hubadilika kati ya wakati wa mavuno na mwisho wa mwaka, na fungu la mwezi Juni halina gharama sawa na fungu la Novemba, jambo ambalo humlazimu mhasibu kufuatilia gharama ya kila fungu. Tena, iwapo bei ya soko itashuka chini ya gharama, kanuni za uhasibu zinataka akiba iandikwe kwa ile thamani ndogo, na hapo menejimenti hulazimika kukisia bei ya kuuzia.

Lakini jambo linaloipandisha zaidi hatari asilia ni umiliki. Wenye mashine za kukobolea huwaruhusu wakulima kuhifadhi mpunga wao ghalani wakisubiri bei ipande, kwa makubaliano kwamba wakati wa kukoboa ukifika wataukobolea hapohapo. Mpunga wa mkulima na mpunga wa kampuni hukaa chini ya paa moja, katika magunia yanayofanana, wakati mwingine ukuta kwa ukuta. Mtu anaweza kuhesabu magunia 10,000 bila kukosea hata moja na bado akathibitisha namba isiyo ya kweli, kwa sababu magunia 3,000 kati yake si ya kampuni. Dai la kuwapo kwa mpunga litakuwa limetimia huku dai la umiliki likiwa limeanguka.

Mkaguzi wetu anaamua kwamba kwa madai ya kuwapo na umiliki, hatari asilia ni kubwa, na anaiwekea asilimia 80. Namba hiyo haikutoka kwenye mashine yoyote. Ni uamuzi wa kitaaluma uliovalishwa tarakimu, na mashirika mengi ya ukaguzi huandika tu kubwa, ya wastani au ndogo. Viwango vya kimataifa vinaruhusu vyote viwili. Kinachotakiwa ni sababu zilizoandikwa ambazo mtu mwingine akizisoma ataona kwa nini tathmini iko hapo kwenye mizani na si pengine.

Kosa moja hujirudia sana katika hatua hii, hata kwa watu waliokwisha kufanya kazi misimu kadhaa. Mkaguzi anaandika kwamba hatari asilia ya akiba ni ndogo kwa sababu ghala lina walinzi, kamera na mtunza ghala mwaminifu. Walinzi, kamera na mtunza ghala ni udhibiti, na nafasi yake ni kwenye hatari ya pili. Ukiwahesabu hapa, kisha ukawahesabu tena kule, umepunguza hatari mara mbili kwa sababu ileile, na kazi yako itakuwa pungufu bila wewe kujua. Ndiyo maana kiwango namba 315, kuanzia ukaguzi wa vipindi vilivyoanza tarehe 15 Desemba 2021 na baada yake, kinamtaka mkaguzi azitathmini hatari hizi mbili kila moja peke yake, wakati zamani aliweza kuzitathmini kwa pamoja.

Hatari ya udhibiti, basi, ni uwezekano kwamba kosa likishatokea, mifumo ya udhibiti wa ndani ya kampuni haitalizuia, wala haitalikuta na kulirekebisha kwa wakati. Kampuni yetu inaeleza mfumo wake hivi: gari likileta mpunga hupimwa kwenye mizani, na karani huandika hati ya kupokelea mzigo yenye jina la muuzaji, uzito, unyevu na jibu la swali kama mpunga umenunuliwa au umehifadhiwa tu. Mpunga wa wakulima huandikwa katika daftari lake na magunia yake huwekewa alama ya rangi. Mzigo ukitoka, mtunza ghala huandika hati ya kutolea mzigo, meneja huisaini, na mlinzi getini hubaki na nakala. Kila mwisho wa mwezi mhasibu, ambaye hashiki funguo za ghala, huhesabu magunia na kulinganisha na leja.

Kwenye karatasi huo ni mfumo mzuri. Mkaguzi hupitia hati chache kutoka mwanzo hadi mwisho ili aone kama maelezo aliyopewa yanafanana na kinachotendeka, na akiona mfumo umepangwa vizuri na upo kweli, anaweza kupanga kuutegemea. Akipanga kuutegemea, ni lazima aujaribu, yaani atafute ushahidi kwamba ulifanya kazi mwaka mzima na si siku aliyotembelea tu. Asipopanga kuujaribu, kiwango namba 315 hakimwachii nafasi ya kuupa sifa: hatari ya kuwapo kwa kosa kubwa itachukuliwa kuwa sawa na hatari asilia, na hiyo kwa lugha ya kanuni ni kusema hatari ya udhibiti ni asilimia 100. Hakuna njia ya katikati ambayo mkaguzi anaridhishwa na maelezo ya meneja na kuishusha hatari bila kupima.

Mkaguzi wetu anapanga kuujaribu, na kwa matarajio kwamba utafaulu anaiwekea hatari ya udhibiti asilimia 50. Kwa nini asishuke hadi 10? Kwa sababu kila udhibiti unaotegemea watu wawili kutoshirikiana huvunjika siku wanaposhirikiana, na meneja mwenye mamlaka ya kuuweka mfumo ana mamlaka ya kuuruka. Kiwango namba 240 kinachukulia hatari ya menejimenti kuruka udhibiti kuwa ipo katika kila kampuni, na katika kampuni ndogo ambayo mwenye mali ndiye meneja hali hiyo haihitaji hata kutafutwa.

Sasa kanuni inaweza kujibu. Asilimia 5 ikigawanywa kwa zao la asilimia 80 na asilimia 50, ambalo ni asilimia 40, hatari ya ugunduzi inakuwa asilimia 12.5. Tafsiri yake ni kwamba taratibu za mkaguzi mwenyewe zinaweza kuruhusiwa uwezekano wa asilimia 12.5 wa kulipita kosa kubwa lililopo bila kuliona, na bado hatari ya jumla ikabaki asilimia 5.

Namba hiyo huwa na faida pale inapogeuka kuwa kiasi cha kazi. Njia mojawapo ni sampuli inayochagua shilingi badala ya kuchagua mafungu, ambapo fungu lenye thamani kubwa lina nafasi kubwa ya kuangukiwa. Mkaguzi huweka kiwango cha kosa anachoweza kuvumilia katika akiba, ambacho huwa chini ya kosa kubwa la taarifa nzima ili makosa madogo ya maeneo mengine yapate nafasi. Tuseme shilingi milioni 45. Ikiwa hatarajii kosa lolote, ukubwa wa sampuli ni thamani ya akiba kugawanya kwa kosa linalovumilika, mara kigezo kinachotokana na hatari ya ugunduzi. Milioni 900 kwa milioni 45 ni 20. Kigezo cha asilimia 12.5 ni takribani 2.08. Zao lake, likipandishwa hadi namba kamili, ni 42. Mkaguzi atachagua sampuli 42 kutoka kwenye orodha yenye mafungu 180, na kwa kila fungu lililochaguliwa atatafuta hati ya kupokelea mzigo, tiketi ya mizani, ushahidi wa malipo kwa mkulima, na mpunga wenyewe ulipo.

Ikiwa mteja angekuwa na hatari asilia ya asilimia 40 na hatari ya udhibiti ya asilimia 40 pia, hatari ya ugunduzi ingeweza kufika asilimia 31.25, na sampuli ingetosha kuwa 24. Ikiwa hatari zote mbili zingekuwa asilimia 100, hatari ya ugunduzi ingelazimika kuwa asilimia 5 ileile na sampuli ingekuwa 60. Kutoka 24 hadi 60, kwa akiba ileile yenye thamani ileile: hapo ndipo tathmini ya mwanzo inapogeuka saa za kazi, posho za safari na ada.

Hatari ya ugunduzi ina sehemu mbili, na hesabu iliyotangulia inashughulikia moja tu. Sehemu ya kwanza ni kwamba mafungu yaliyochaguliwa yanaweza yasifanane na yale yaliyoachwa; hiyo hupungua sampuli ikikua. Sehemu ya pili haipungui hata ukikagua mafungu yote 180, kwa kuwa inatokana na mkaguzi kutumia utaratibu usiofaa, kuutekeleza vibaya au kutafsiri vibaya alichokiona. Mkaguzi anayesimama mlangoni na kuzidisha safu za mbele kwa safu za ubavuni hajui kama katikati ya rundo kuna magunia au kuna uwazi. Anayehesabu magunia bila kuyatoboa kwa bambo hajui kama ya ndani yana mpunga au pumba.

Historia ina mfano maarufu wa jambo hilo. Mwaka 1963, huko Bayonne, katika jimbo la Niu Jasi nchini Marekani, iligundulika kwamba matangi yaliyodhaniwa kujaa mafuta ya kula, ambayo yalikuwa dhamana ya mikopo mikubwa, yalikuwa na maji mengi chini na tabaka la mafuta juu. Wakaguzi wa matangi walikuwa wakija, wakipima kutoka juu na kukuta mafuta. Mafuta hayohayo yaliweza pia kusukumwa kwa mabomba kutoka tangi hadi tangi, yakapimwa zaidi ya mara moja. Kuongeza idadi ya matangi yanayopimwa kwa njia ileile kusingesaidia kitu. Kilichohitajika ni kipimo kinachofika chini, na matangi yote kupimwa kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mkaguzi anapotaka kuishusha hatari ya ugunduzi ana mambo matatu ya kubadilisha: aina ya utaratibu, wakati wa kuufanya, na wingi wake. Wanafunzi hukimbilia la tatu kwa sababu ndilo lenye hesabu. Turudi Mbarali tuone kwa nini mawili ya kwanza huwa na uzito zaidi.

Mpango wa awali ulikuwa kuhesabu magunia tarehe 30 Novemba, wakati barabara za ndani bado zinapitika na wasaidizi wa mkaguzi hawajabanwa na kazi za kufunga mwaka. Baada ya hapo hesabu ingesogezwa hadi 31 Desemba kwa kuongeza mpunga ulioingia mwezi huo kwa mujibu wa hati za kupokelea, na kutoa uliotoka kwa mujibu wa hati za kutolea. Mpango huo ni halali kabisa pale udhibiti wa ghala unapotegemewa.

Mwezi Oktoba mkaguzi anaujaribu udhibiti huo. Anachagua hati 25 za kutolea mzigo za nyakati mbalimbali za mwaka na kuangalia kama kila moja imesainiwa na meneja kabla gari halijatoka. Zote 25 zina saini, na mtu asiye makini angefunga jalada hapo. Huyu analinganisha tarehe za hati na daftari la likizo na safari, na anakuta kwamba 4 kati yake zilisainiwa siku ambazo meneja alikuwa Dar es Salaam. Anaomba kitabu cha hati kinachotumika sasa, na humo anakuta kurasa kadhaa tupu, zisizo na idadi ya magunia wala namba ya gari, ambazo tayari zina saini ya meneja. Mtunza ghala anaeleza bila wasiwasi kwamba bosi akisafiri huacha kitabu kimesainiwa ili kazi isisimame. Maelezo hayo huenda ni ya kweli, tena huenda hakuna gunia hata moja lililoibwa. Hata hivyo udhibiti uliotakiwa kumweka mtu wa pili kati ya mtunza ghala na geti haukuwapo katika siku hizo, na hakuna mtu anayeweza kusema ni siku ngapi.

Hapa mkaguzi hurudi kwenye kanuni, kwa sababu tathmini ya hatari haifungwi siku ya kupanga kazi. Hatari ya udhibiti inapanda hadi asilimia 100. Asilimia 5 ikigawanywa kwa asilimia 80 inatoa hatari ya ugunduzi ya asilimia 6.25. Kigezo chake ni takribani 2.77, na sampuli inakuwa 56. Ongezeko ni 14 tu juu ya 42 za mwanzo, na mtu angeweza kudhani kwamba tatizo limekwisha kwa siku moja au mbili za kazi ya ziada.

Halijaisha. Mpango wa kuhesabu Novemba umeanguka wote, kwa sababu daraja la kutoka Novemba hadi Desemba lilijengwa kwa hati zilezile ambazo saini zake hazina maana tena. Mkaguzi anaweza kuhesabu kwa usahihi tarehe 30 na bado asijue lolote kuhusu tarehe 31 Desemba. Hesabu inapaswa kuhamia siku ya kufunga mwaka, au karibu nayo kiasi kwamba mizigo ya katikati inaweza kukaguliwa yote, moja baada ya nyingine, kwa kutumia ushahidi wa nje kama risiti za wasafirishaji na uthibitisho wa wanunuzi. Maghala yote matatu yanapaswa kuhesabiwa kwa wakati mmoja, wasaidizi wakiwa watatu na magari yakiwa yamesimamishwa, kwani kati ya ghala na ghala ni mwendo mfupi na lori moja linaweza kuhamisha magunia mengi usiku mmoja.

Aina ya utaratibu nayo inabadilika. Marundo machache yatafunguliwa katikati. Bambo litaingia katika magunia ya ndani, na sampuli ya magunia itapimwa uzito na unyevu ili idadi igeuzwe kuwa kilo. Kwa upande wa umiliki, rangi iliyopakwa kwenye magunia haiaminiki tena kama ushahidi, maana aliyeipaka ni mtunza ghala yuleyule. Mkaguzi atawaendea wakulima walioandikwa kwenye daftari la kuhifadhi na kuwauliza kila mmoja ana magunia mangapi. Atafanya pia kinyume chake, jambo linalosahaulika sana: atachukua baadhi ya wakulima ambao mwaka uliopita walikuwa kwenye daftari na mwaka huu hawamo, awaulize kama kweli waliondoa au waliuza mpunga wao. Mpunga wa mkulima ukifutwa kimyakimya kwenye daftari, huonekana kuwa wa kampuni bila mtu kugusa gunia.

Kanuni yenyewe haikumwambia mkaguzi lolote kati ya haya. Ilimwambia tu kwamba nafasi ya kukosea imepungua kutoka asilimia 12.5 hadi 6.25. Kuna pia upungufu mwingine ndani yake ambao unafaa kujulikana tangu mwanzo. Kuzidisha namba mbili kwa namna hii hudhani kwamba hazitegemeani, ilhali hatari asilia na hatari ya udhibiti hutegemeana mara nyingi. Mtunza ghala anayejua kwamba kitabu kimesainiwa tayari ana kishawishi ambacho hangekuwa nacho kama kila hati ingesubiri saini, na kwa hiyo udhaifu wa udhibiti umeongeza pia uwezekano wa kosa kutokea. Ndiyo sababu namba 80 na 50 hazipaswi kuchukuliwa kana kwamba zimepimwa kwa rula, na wengi hupendelea kuzitathmini kwa maneno na kuitumia kanuni kuona mwelekeo tu.

Upande wa chini nao una mpaka. Tuseme mteja mwingine ana hatari asilia ya asilimia 20 na hatari ya udhibiti ya asilimia 20. Zao ni asilimia 4, ambayo tayari iko chini ya asilimia 5. Kanuni ikifuatwa kwa herufi, hatari ya ugunduzi inazidi asilimia 100, yaani mkaguzi anaweza kukaa nyumbani. Kiwango namba 330 kinakataa jambo hilo. Kila kundi la miamala, kila salio na kila maelezo yenye uzito katika taarifa lazima yafanyiwe taratibu za kuthibitisha moja kwa moja, hata kama hatari imetathminiwa kuwa ndogo namna gani, kwa kuwa tathmini ni uamuzi wa mtu na udhibiti wowote unaweza kurukwa. Kwa akiba ya bidhaa, kiwango namba 501 kinaongeza kwamba ikiwa thamani yake ni kubwa mkaguzi anapaswa kuwapo wakati wa kuhesabu, isipokuwa haiwezekani kabisa. Kwa hiyo hata kama kitabu cha hati kule Mbarali kingekutwa safi, na meneja asingesafiri hata siku moja, bado mkaguzi angepaswa kuingia ghalani na bambo.